Jicho, neno, orodha au hesabu: njia nne za kuondoa mistari ya jumla kabla ya kuchambua jedwali

Afisa mipango wa halmashauri au mwanafunzi wa takwimu hapa Dodoma akichopoa jedwali kutoka ripoti ya PDF, kitu cha kwanza kinachopotea ni mwonekano wake. Katika ripoti, mstari wa mkoa umeandikwa kwa herufi nzito, na halmashauri zake zimesogezwa ndani kidogo, kwa hiyo msomaji anajua bila kuambiwa kwamba mstari wa juu ni jumla ya ile ya chini. Kwenye faili la CSV herufi nzito hazipo, na nafasi za kusogeza ndani mara nyingi hazifiki. Mistari yote inakuwa na hadhi moja, na kompyuta inahesabu mkoa kana kwamba ni halmashauri nyingine.

Tuchukue mfano mmoja na tukae nao hadi mwisho. Tarakimu ni za Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 kwa Mkoa wa Dodoma. Mpangilio nimeuweka mimi, kwa namna ambayo majedwali ya aina hii hutoka baada ya kuchopolewa.

```
eneo,watu
Dodoma,3085625
Kondoa,325297
Kondoa,244854
Kondoa Mji,80443
Mpwapwa,403247
Kongwa,443867
Chamwino,486176
Dodoma Jiji,765179
Bahi,322526
Chemba,339333
```

Mstari wa kwanza ni jumla kuu ya mkoa. Wa pili ni jumla ndogo ya Wilaya ya Kondoa, yenye halmashauri mbili, yaani ya wilaya na ya mji. Minane iliyobaki ndiyo halmashauri zenyewe. Ukijumlisha safu nzima unapata 6,496,547, na wastani wa mstari unakuwa karibu 649,655, ilhali wastani halisi wa halmashauri ni karibu 385,703. Katika halmashauri nane ni Jiji la Dodoma peke yake linalozidi huo wastani wa uongo. Angalia pia kwamba huwezi kujiokoa kwa kugawanya kwa mbili. Mkoa umehesabiwa mara mbili, lakini Kondoa imehesabiwa mara tatu, kwa hiyo kosa halikusambaa sawasawa. Ni kama mtunza ghala wa Kibaigwa anayehesabu magunia yote, kisha akajumlisha na idadi iliyoandikwa mlangoni, na kwa rundo moja akaongeza tena kile kilichochorwa kwa chaki ubavuni.

## Vigezo vya kulinganisha

Njia zinazotumika ni nne: kuondoa kwa jicho na mkono, kuchuja kwa neno, kulinganisha na orodha ya maeneo, na kutafuta jumla kwa hesabu. Kila moja nitaiuliza maswali yaleyale. Je, inakamata jumla ambayo haikuandikwa neno «Jumla»? Je, inaweza kuondoa mstari halali kwa makosa? Ikikosea, inakosea kimyakimya au inatoa ishara? Na je, mtu mwingine anaweza kuirudia mwakani akapata jibu lilelile?

Swali la tatu ndilo ninalolipa uzito kuliko mengine, kwa sababu kosa linaloonekana hurekebishwa siku hiyohiyo, na lisiloonekana huingia kwenye mpango wa maendeleo wa wilaya.

Lipo sharti moja linalozihusu njia zote. Mistari ya jumla haitupwi, inahamishwa. Iweke kwenye faili la pembeni, kwa sababu baada ya kusafisha utahitaji kuthibitisha kwamba mistari iliyobaki inajumlisha 3,085,625. Anayefuta moja kwa moja amejinyima kipimo pekee kilichokuja na jedwali lenyewe.

## Kwa jicho na mkono

Unafungua ripoti ya asili upande mmoja na faili la Excel upande wa pili, unaongeza safu mpya uliyoipa jina kama «aina», kisha unaandika kwa kila mstari kama ni mkoa, wilaya au halmashauri. Ukimaliza unachuja kwa safu hiyo. Kwa jedwali letu la mistari kumi, kazi inaisha kabla chai haijapoa.

Hii ndiyo njia pekee inayoona herufi nzito na mistari iliyosogezwa ndani, kwa hiyo jumla zisizo na neno hazimsumbui mtu makini. Mstari halali nao ni vigumu kupotea, mradi kila mstari unasomwa. Shida inaanza jedwali linapokuwa refu. Tanzania Bara ina mikoa 26 na halmashauri 184, na jicho lililokwisha pita mistari mia huanza kuona kile linachotarajia kuona. Hapo kosa ni la kimya kabisa.

Kuna hatari nyingine ambayo watu wengi hawaifikirii: kupanga jedwali kwa alfabeti kabla ya kuweka alama. Mistari miwili yenye jina «Kondoa» ikishatenganishwa na mpangilio wake wa asili, hakuna tena cha kukuonyesha ipi ni ya wilaya nzima isipokuwa ukubwa wa namba. Kwa hiyo kabla ya lolote, weka safu ya namba za mistari, 1 hadi 10, ili uweze kurudi ulikotoka.

Kurudiwa na mtu mwingine kunategemea kama ile safu ya «aina» imehifadhiwa. Ikihifadhiwa, anayefuata anaona kila uamuzi wako. Ukifuta mistari na kuhifadhi juu ya faili lilelile, hakuna wa kukukagua.

## Kwa neno

Njia ya pili inatafuta mistari iliyoandikwa «Jumla», «Jumla Kuu» au «Total», kisha inaiondoa. Ndiyo inayotumiwa zaidi na wanaoanza kuandika msimbo, kwa sababu ni mstari mmoja tu.

```python
ni_jumla = df["eneo"].str.strip().str.match(
    r"(jumla|total|grand total)\b", case=False, na=False)
```

Ukiiendesha kwenye jedwali letu haitaondoa hata mstari mmoja. Jumla ya mkoa imeandikwa «Dodoma» na jumla ya wilaya imeandikwa «Kondoa», basi. Msimbo utamaliza kazi bila kulalamika, na wewe utaendelea na ule wastani wa 649,655. Kwa kigezo cha kukosea kimya, hakuna njia inayoizidi hii.

Upande wa pili nao una mtego, na ni mtego wa Kiswahili hasa. Kwenye majedwali ya ajira au ya shughuli za kiuchumi kuna kundi linaloitwa «Biashara ya jumla na rejareja». Ukitafuta neno «jumla» popote lilipo, utaiondoa sekta hiyo nzima na kubaki na uchumi usio na maduka. Msimbo wa hapo juu unaikwepa ajali hiyo kwa kudai neno liwe mwanzoni. Lakini kudai hivyo kunaleta shida nyingine: amri ya Subtotal katika Excel huandika neno mwishoni, kwa mfano «Dodoma Total», na mistari hiyo sasa itapita bila kuguswa. Ukiruhusu neno liwe mwanzoni au mwishoni, mstari ulioandikwa «Biashara ya jumla» peke yake unaondoka tena.

Hata hivyo njia hii isidharauliwe. Ukiwa na majedwali mengi yaliyotoka kwenye mfumo mmoja, yote yakiandika jumla kwa neno lilelile na mahali palepale, hakuna ya haraka zaidi, na msimbo unarudiwa mwaka hadi mwaka bila tofauti. Sharti ni kuchapisha mistari iliyokamatwa na kuisoma, pamoja na kuangalia kama idadi yake ndiyo uliyoitarajia. Jedwali la mkoa mmoja lisilotoa hata mstari mmoja wa jumla ni la kutiliwa shaka.

## Kwa orodha ya maeneo

Hapa unageuza swali. Badala ya kuuliza ipi ni jumla, unauliza ipi ni halmashauri. Unaandaa orodha ya halmashauri unazozitaka, unailinganisha na jedwali, na kisichomo kwenye orodha kinawekwa kando.

```python
m = df.merge(orodha, on="eneo", how="outer",
             indicator=True, validate="one_to_one")
print(m[m["_merge"] != "both"])
```

Kwa majedwali ya kiutawala njia hii ina nguvu, kwa kuwa jumla isiyo na neno haina pa kujificha: «Dodoma» haimo kwenye orodha, «Dodoma Jiji» imo. Faida kubwa zaidi ni kwamba inatoa ripoti ya pande mbili, yaani mistari ya jedwali isiyo na mwenzake kwenye orodha, na halmashauri za orodha zisizopatikana kwenye jedwali. Hili la pili ndilo linalokuambia kwamba ukurasa mmoja wa PDF haukuchopolewa.

Kwenye mfano wetu itakwama kwa Kondoa. Jina hilo linatokea mara mbili, mara moja kama wilaya nzima na mara moja kama halmashauri ya wilaya, na yote mawili yanaoana na «Kondoa» ya kwenye orodha. Usipoweka `validate="one_to_one"`, mistari yote miwili inapita na jumla yako inakuwa 3,410,922. Ukiiweka, pandas, maktaba ya Python inayotumika katika msimbo huu, inasimama na kutoa kosa la `MergeError`, jambo ambalo linaudhi lakini ndilo unalolihitaji. Dawa ya kudumu ni kutumia namba za utambulisho za maeneo badala ya majina, pale jedwali linapozileta.

Udhaifu wa pili unahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu orodha ina tarehe hata kama haikuandikwa. Chukua jedwali la Sensa ya 2012 na ulilinganishe na orodha ya 2022. Mwaka 2012 Dodoma ilikuwa bado manispaa. Hadhi ya jiji ilikuja mwaka 2018. Mstari wa «Dodoma Manispaa» wenye watu 410,956 hautapata mwenzake, na ukiwa umetumia `how="inner"` bila kusoma ripoti, utaondoka pamoja na jumla kana kwamba nao ni jumla. Mkoa utabaki na watu 1,672,632 badala ya 2,083,588.

Kondoa ni ya hatari zaidi kwa kuwa haitoi kosa. Mwaka 2012 Kondoa ilikuwa na watu 269,704, pamoja na eneo ambalo baadaye lilikuja kuwa Halmashauri ya Mji. Ukiiweka sambamba na Kondoa ya 2022, yenye 244,854, utaandika kwamba watu wamepungua. Ukweli ni kwamba eneo lilelile lilifikia 325,297, na namba hiyo ndiyo ile jumla ndogo tuliyoiondoa. Ndiyo maana nilisema mistari ya jumla ihamishwe: kuna maswali ambayo jibu lake liko kwenye mstari uliouweka pembeni.

Njia hii inamfaa anayefanya kazi na maeneo yaleyale kila mwaka na aliye tayari kutunza orodha yenye mwaka wake. Kwa jedwali la mazao au la sababu za vifo, ambalo makundi yake hubadilika ripoti hadi ripoti, kutengeneza orodha kunaweza kuchukua muda kuliko uchambuzi wenyewe.

## Kwa hesabu

Njia ya nne haisomi majina kabisa. Inategemea ukweli kwamba mstari wa jumla ni lazima ulingane na jumla ya mistari fulani iliyo jirani nao. Unaanza chini ya jedwali na kupanda juu. Kwa kila mstari unajumlisha inayoufuata, mmoja baada ya mwingine, na ikifika sawasawa na thamani yake, umepata jumla. Mistari ambayo tayari imetambuliwa kuwa jumla inarukwa.

```python
w = df["watu"].tolist()
jumla = [False] * len(w)
for i in range(len(w) - 1, -1, -1):
    s = k = 0
    for j in range(i + 1, len(w)):
        if jumla[j]:
            continue
        s += w[j]
        k += 1
        if s >= w[i]:
            break
    jumla[i] = k >= 2 and s == w[i]
```

Fuata jinsi inavyokwenda kwenye jedwali letu. Bahi ni 322,526. Mstari unaofuata, Chemba, ni 339,333, umeshazidi, kwa hiyo Bahi si jumla. Jiji la Dodoma ni 765,179. Bahi na Chemba kwa pamoja ni 661,859 na jedwali limeisha, hazikufika, nalo si jumla. Inapanda hivyo hadi Kondoa ya juu: 244,854 kuongeza 80,443 ni 325,297, sawasawa. Imewekewa alama. Mwishoni inafika «Dodoma», inairuka Kondoa iliyokwisha tambuliwa, inajumlisha minane iliyobaki na kupata 3,085,625. Jumla zote mbili zimepatikana bila neno wala orodha, na Kondoa mbili zenye jina moja zimetofautishwa. Kama ripoti yako inaweka jumla chini ya kundi badala ya juu, geuza mpangilio wa mistari kwanza.

Kinachoipa njia hii sifa ya pekee ni kwamba inakagua uchopoaji wenyewe. Tuseme programu ilisoma 80,443 kama 80,448. Kondoa haitalingana, na kwa sababu hiyo hata mkoa hautalingana, kwa hiyo hakuna mstari utakaowekewa alama. Ukikosa jumla kuu ambayo unajua ipo, rudi kwenye PDF. Mara nyingi kuna tarakimu iliyosomwa vibaya au mstari uliopotea kwenye mpaka wa kurasa.

Mipaka yake inatokana na ukavu huohuo wa hesabu. Majedwali yaliyokadiriwa kwa maelfu huivuruga: ukiandika halmashauri zetu nane kwa maelfu kamili, zinajumlisha 3,085, wakati mkoa wenyewe unaandikwa 3,086. Utalazimika kuruhusu tofauti ndogo, na kadiri unavyoiruhusu ndivyo unavyofungua mlango kwa mistari inayolingana kwa bahati tu, hasa kwenye namba ndogo. Kinga nzuri ni kudai ulingano utokee kwenye safu zaidi ya moja, kwa mfano wanaume na wanawake.

Wilaya yenye halmashauri moja nayo inaleta utata. Jedwali likiandika Mpwapwa kama wilaya na papo hapo Mpwapwa kama halmashauri, zote 403,247, msimbo huu hauigusi, kwa kuwa sharti la `k >= 2` linakataa jumla ya kitu kimoja. Sharti hilo nimeliweka kwa makusudi, maana bila hilo mistari miwili yenye sifuri ingeitwa jumla. Matokeo yake ni kwamba Mpwapwa inabaki mara mbili na jumla ya mkoa haipatikani, ishara inayotosha kukurudisha kutafuta mistari jirani inayofanana kabisa.

Mwisho, safu za uwiano na wastani, kama wastani wa watu katika kaya, hazijumlishiki kabisa. Tafuta jumla kwa safu ya idadi, halafu uondoe mstari mzima pamoja na uwiano wake.

Njia hii inamfaa anayepokea majedwali ya idadi kutoka vyanzo vingi asivyovijua, mwenye uwezo wa kuandika msimbo mfupi na subira ya kusoma majibu yake.

## Uchague ipi

Kama una jedwali moja la mkoa mmoja, la kutumika mara moja kwenye taarifa, jicho na safu ya «aina» vinatosha. Kuandika msimbo ni kujitafutia kazi. Kama unapokea kila robo mwaka faili zilizotolewa na mfumo mmoja, tumia neno, ila kwanza fungua faili mbili tatu uone limeandikwaje na limekaa wapi.

Kama kazi yako ni kulinganisha halmashauri kwa miaka mingi, huna budi kuwa na orodha, na iwe moja kwa kila mwaka wa takwimu, pamoja na safu inayoonyesha eneo gani liligawanyika kutoka lipi. Kama jedwali ni refu, limetoka kwenye PDF iliyoskaniwa, na huna uhakika kila tarakimu ilisomwa vizuri, anza na hesabu, kwa kuwa itakuonyesha makosa ambayo njia nyingine tatu haziwezi kuyaona.

Mara nyingi mimi huoanisha mbili: orodha kwa kuchagua mistari ya kubaki, hesabu kwa kuikagua. Zikikubaliana, ninaendelea. Zikitofautiana, kwa mfano orodha ikabakisha mstari ambao hesabu inauita jumla, ninafungua ripoti ya asili kwenye ukurasa huo, kwa sababu huenda ni bahati ya namba, na huenda pia ni Kondoa nyingine.

Na kama utabadilisha jedwali kutoka upana kwenda urefu, ili wanaume, wanawake na jinsia zote viwe kwenye safu moja, fanya ukaguzi huu mara ya pili baada ya kubadilisha. Safu ya «Jinsia zote», ambayo ilikuwa haina madhara ikiwa imesimama wima, sasa imekuwa mistari ya jumla kwa kila halmashauri.